Wamekupokea Vizuri?

Zawadi alifika geti la chuo hata ofisi hazijafunguliwa na bado akakuta watu washapanga foleni ndefu, hakuuliza ni ya nini, aliona vijana wa rika lake wameshika mafaili akajua ndo hapa hapa, akasimama nyuma ya kaka mmoja mrefu mwenye hedifoni. Begi mgongoni, bahasha ya vyeti ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Jua likatoka, likapanda, foleni inasogea taratibu mno. Karibu na dirisha ndo yule kaka akageuka kumwangalia.

"We una sapu ngapi?"

"Sapu ndo nini?"

Kaka akatoa hedifoni. "Hii ni ya wanaorudia mitihani. We si mwaka wa kwanza? Nenda jengo la utawala, pale palipo na watu wengi."

Sasa kila mahali palikuwa na watu wengi.

Jengo la utawala kulikuwa na foleni tatu na hakuna kibao hata kimoja, au vilikuwepo ila vimefunikwa na matangazo ya mwaka jana. Akachagua iliyo na wazazi wengi, akiamini wazazi hawawezi kusimama pasipofaa. Mbele yake mama mmoja alikuwa anampangia mwanae makaratasi, barua ya udahili juu, vyeti halisi huku, kopi zilizogongwa muhuri wa mwanasheria kule, picha za pasipoti kwenye kibahasha chake, fomu ya afya mwisho. Zawadi akachungulia faili lake. Vitu vyote anavyo, tena baba aliviangalia kimoja kimoja usiku kucha japo kusoma kwenyewe ni kwa shida. Ila havikuwa na mpangilio, maana nyumbani kwao hakuna aliyejua kwamba makaratasi yana mpangilio.

Dirishani dada akamuuliza bila kunyanyua macho, "Namba ya usajili?"

Akasoma namba iliyoko juu ya barua.

"Hiyo ni ya maombi mdogo wangu. Namba ya usajili inatoka malipo yakishaonekana. Uhasibu, ghorofa ya pili. Anayefuata!"

Ghorofa ya pili foleni ilikuwa inashuka mpaka kwenye ngazi. Alipofika kwa mhasibu akatoa risiti ya benki, ile ambayo baba alikuwa ameikunja kwenye kipande cha nailoni isilowe. Mhasibu akaandika kwenye kompyuta, akaangalia, akaandika tena.

"Hela yako haijasoma kwenye mfumo. Aliyelipa aliweka namba ya malipo gani?"

"Aliandika jina langu."

"Jina halifanyi kazi hapa, mfumo unasoma namba tu. Andika barua kwa mhasibu mkuu, ambatanisha risiti na kopi yake, ila ipitie kwa mkuu wa kitivo chako ndo uilete huku. Kitivo gani?"

Zawadi akataja kozi.

"Nimekuuliza kitivo."

Nyuma yake watu wanapumua kwa nguvu, mtu akasema jamani tunachelewa, na Zawadi, ambaye shule nzima walikuwa wanamfuata awaelekeze hesabu, akasema asante akatoka kwenye mstari, akashuka ngazi zote mpaka chini akaenda kukaa kwenye kimsingi cha ukuta.

Simu ikaita. Baba.

"Mwanangu, wamekupokea vizuri?"

Baba alikuwa anaamini mtoto akiitwa kwa barua yenye muhuri basi kuna mtu anamsubiri, atamshika mkono, atamwonyesha pa kukaa. Yani hivo ndo alivyokuwa anawaza chuo. Zawadi akameza mate.

"Wamenipokea baba."

"Ile hela wameiona?"

"Wanaiangalia."

"Basi waulize kwa heshima kila unachotaka. Usiogope kuuliza. Mi huku sijui hata nikusaidie nini."

Alivyokata simu machozi yalikuwa yanamtoka, akajifuta kwa mkono wa shati haraka haraka. Pembeni yake alikuwa amekaa binti mwingine anasikiliza voisi simuni, sauti imefunguliwa, mwanamke anaongea kwa haraka: "Usianzie utawala we mtoto, utazunguka mpaka jioni! Anza kitivoni, karani akupe fomu yao na akugongee muhuri, ndo uende uhasibu, ukitoka uhasibu unapewa namba hapo hapo, na hiyo namba ndo ukajisajilie, kozi za kwenye mfumo achana nazo mpaka kesho, leo wahi hosteli maana vitanda vinaisha..."

Nataka nisimame hapa kidogo maana hili linaniuma. Yule binti hakuwa na akili kumzidi Zawadi. Alikuwa na dada aliyepita pale kabla yake, basi. Utaratibu wote wa siku ile uliishi kwenye vichwa vya madada na makaka na wazazi waliosoma, na chuo kiliona hiyo inatosha, wakati karatasi moja tu ukutani ingemwokoa mtoto aliyekuja peke yake.

"Samahani," Zawadi akasema. "Naomba urudie hiyo voisi."

Binti akamwangalia macho yake mekundu, hakuuliza kitu, akairudisha mwanzo. Zawadi akatoa kalamu akaandika nyuma ya bahasha, mstari kwa mstari. Kisha akamuonyesha kozi yake kwenye barua.

"Hii iko kitivo gani?"

"Cha sayansi, kama mimi. Twende."

Karani wa kitivo alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, na barua ambayo Zawadi aliiandikia gotini aliisoma yote, akamsahihishia anwani kwa penseli, akamwambia airudie vizuri pale pale mezani kwake. "Shikamoo yako nimeisikia," akasema, "ila ukifika uhasibu usiondoke dirishani mpaka wakuandikie. Ukiambiwa njoo kesho, sema mama wa kitivo kasema leo." Akaingia ndani kwa mkuu, akatoka na sahihi na muhuri.

Uhasibu walikuwa wamefunga kwa mapumziko ya mchana. Wakasubiri mlangoni, wote wawili, hawakukaa chini.

Mhasibu akaitazama barua, akapiga simu benki, akasubiri, akamsomea mtu wa upande wa pili tarehe na kiasi. Zawadi hakusogea. Watu wa nyuma wakapumua, safari hii akawaacha wapumue. Mwisho printa ikalia na kikaratasi kikatoka kina jina lake kamili na chini yake namba.

Kwenye usajili haikuchukua muda, yule dada wa asubuhi akampangia makaratasi mwenyewe, akagonga muhuri. Ilibaki hosteli na jua lilishaanza kushuka. Binti mwenye voisi alipata kitanda cha mwisho kwenye orodha ya wasichana, akageuka kumwangalia Zawadi kama aliyeiba.

"Vimeisha," akasema mlezi wa hosteli, tayari anafunga daftari.

Zawadi akaweka karatasi yake ya usajili juu ya kaunta.

"Shikamoo mama. Mi nimetoka mbali na hapa sina ndugu. Leo nalala wapi?"

Mama akamwangalia, akaliangalia begi, akafungua daftari kurasa za nyuma. "Kuna chumba cha muda, mtakuwa sita. Wiki ijayo wasiofika wakifutwa tutakuhamisha. Saini hapa, halafu wahi godoro stoo kabla hawajafunga."

Akasaini.

"Na stoo iko wapi mama? Na huko nitatakiwa niwe na karatasi gani?"