Tangazo la redio, sekunde 60: Duka la Kona, Majengo, Mombasa

(Sauti ya mama, bila haraka.)

0:00–0:04 [Mashine ya kukuna nazi yanguruma, yanyamaza.]

0:04–0:09 Wasikia? Hiyo nazi ya mbaazi zako.

0:09–0:16 Saa kumi na moja alfajiri, Majengo bado giza, sisi tushafungua mlango.

0:16–0:29 Wataka kukanda mahamri, hamira imekwisha? Tuma mtoto. Na iliki twauza hata ya shilingi 20, tukaifunga kwa kipande cha gazeti. Ukikifungua, jiko zima lanukia.

0:29–0:37 Mchele kilo, nusu, robo. Mafuta ya kupima, njoo na chupa yako. Hatupunji.

0:37–0:46 Chenji ya mtoto twaihesabu mbele yake, shilingi kwa shilingi. Peremende badala ya chenji? Si hapa!

0:46–0:52 [Kwa kicheko] Deni, lakini, njoo mwenyewe tuzungumze. Mtoto hakopeshwi.

0:52–0:58 Duka la Kona, Majengo, mlango wa kijani. Twafunga saa nne usiku.

0:58–1:00 [Kengele ya baiskeli.] Haya, karibu!