Yah: Tuliyokubaliana Ijumaa kuhusu Baraka, Darasa la Sita B

Kwa: Mama Baraka
Nakala: Baba Baraka, Mwalimu wa Taaluma
Jumatatu, 2 Machi

Habari za tangu Ijumaa, Mama Baraka. Wabeja sana kwa kuacha biashara ukapanda daladala hadi shuleni. Baba Baraka, shikamoo. Kwa kuwa ulikuwa Nansio, naandika ili nawe ujue tulipofikia.

Kwanza kuchelewa. Daftari la mahudhurio la Februari linaonyesha Baraka alichelewa siku 11 kati ya 20, na Hisabati ndiyo kipindi cha kwanza. Mama ameeleza kwamba alfajiri humsaidia kuanika dagaa mwaloni Kirumba. Tumekubaliana kuwa Jumatatu hadi Ijumaa haendi tena. Kazi hiyo ataishika mama yake mdogo. Jumamosi ruksa. Sasa hivi mbalamwezi inawaka na dagaa ni wachache, kwa hiyo ahadi ni nyepesi. Naomba tuishike hata giza litakapoingia katikati ya mwezi huu na mitumbwi ikarudi imejaa.

Pili, Hisabati yenyewe. Mama aliona daftari: 1/2 + 1/3, Baraka akaandika 2/5. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Si mvivu, maana amekosea kwa namna ileile maswali yote tisa. Hakuwepo siku tulipofundisha kutafuta asili inayolingana. Nitakaa naye Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, dakika 30, kuanzia kesho. Mama aliuliza habari ya kulipia tuisheni. Jibu langu ni lile lile: bado haihitajiki, na hivi vipindi vyangu havina malipo. Baraka mwenyewe, aliyekuwa ameketi nasi, ameahidi maswali matatu kila jioni. Mama au Baba mtatia saini chini ya kazi, hata kama hamjui jibu ni sahihi. Kusahihisha niachieni mimi.

Tatu, macho. Nilimweka nyuma kwa sababu ya urefu wake, na hilo ni kosa langu; Ijumaa alishindwa kusoma tarehe ubaoni mbele yetu sote. Leo asubuhi nimemhamishia dawati la pili, karibu na dirisha. Mama atampeleka kitengo cha macho, Hospitali ya Sekou Toure, kabla ya Ijumaa tarehe 6. Siku hiyo hatahesabiwa mtoro, nimeshamwarifu Mwalimu wa Taaluma. Akiandikiwa miwani, nijulisheni hata kwa ujumbe mfupi.

Suala la sare mpya tuliligusa tu, halina haraka.

Tutakutana tena Ijumaa tarehe 20 Machi, saa 9:30 alasiri, nikiwa na matokeo ya jaribio dogo la sehemu. Baba, ukiweza kuvuka siku hiyo nitafurahi. Kama kuna nililoandika tofauti na tulivyosema, nijibuni kabla ya Jumatano.

Mwalimu Rehema
Mwalimu wa darasa, Sita B