Mjusi wa Ukutani na Akiba Yake ya Joto

Saa mbili asubuhi, mwezi Februari, mjusi dume wa kichwa cha rangi ya chungwa huota jua juu ya ukuta wa mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Moshi. Ikifika saa tano hayupo, kajibanza kwenye ufa. Watoto husema anamwogopa mwewe. Mimi naona anakwepa kuiva.

Kama chura na panzi, mjusi hana joto la kutosha analojitengenezea mwenyewe. La nje ndilo linaloendesha mwili wake. Likiongezeka kwa nyuzi 10, umetaboli, yaani shughuli za kikemia za mwili wake, huweza kwenda kasi mara mbili hadi tatu. Lakini uwezo wake wa kukimbia na kuwinda haupandi bila mwisho. Hupanda taratibu kama barabara ya Marangu, hufika kilele, kisha huporomoka kama genge: vimeng'enya, protini zinazoharakisha shughuli hizo, hupoteza umbo, na moyo hushindwa kufikisha oksijeni inayotakiwa. Maabara hupima kikomo cha juu kwa kumpasha mnyama polepole huku wakimgeuza chali. Joto linalomfanya ashindwe kujipindua ndilo kikomo. Hajafa bado, ila porini asingeweza tena kukimbilia kivuli.

Tofauti kati ya kikomo hicho na joto la makazi yake ndiyo akiba yake, na hapo ndipo wengi tunakosea. Tukisikia nchi za kaskazini ya mbali zinapata joto haraka kuliko kwetu, tunadhani wadudu wa huko ndio walio hatarini zaidi. Mwaka 2008 mtafiti Curtis Deutsch na wenzake walionyesha kinyume chake: wadudu wa tropiki tayari wanaishi karibu na kilele chao, kwa hiyo nyuzi chache tu zinawasukuma kwenye genge.

Kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Meru anaweza kuhamia juu, kwani kila mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Ila msitu nao una mpaka wake, na juu ya mpaka huo hakuna matawi ya kukamata.

Mjusi wangu yeye anategemea kivuli. Mwamba uliopigwa na jua huwa na joto kuliko hewa, hivyo ufa humwokoa. Lakini saa za ufani ni saa za njaa. Mtafiti Barry Sinervo na wenzake, mwaka 2010, walieleza kutoweka kwa makundi ya mijusi huko Meksiko kwa hesabu hiyohiyo: saa za kujificha zikiwa nyingi mno wakati wa majira ya kuzaa, jike hapati chakula cha kumtosha kuzaa. Kifo cha namna hiyo hakiachi mzoga wa kuokota. Ni vizazi tu vinavyopungua, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko siku moja ya joto kali.

Ukuta ule zamani ulikuwa chini ya mwarobaini. Mwaka jana mti huo ulikatwa. Enzi za mti huo, nilikuwa namwona mjusi nje hadi karibu saa saba mchana.