Mama Neema, soma ukitulia

Mama Neema, habari za Chanika? Najua saa hizi mnahangaika kufunga vyandarua na kutafuta sufuria iko kwenye boksi gani. Usijibu sasa.

Pale kwenye kirikuu nilishindwa kusema. Dereva anapiga honi, watoto wanalia, mama mwenye nyumba naye kasimama anahesabu vitasa. Nikaishia kukwambia "haya, mfike salama", kama unaenda sokoni Sterio.

Nilipohamia hapa Tandika nilikuwa na mimba ya Ikram na sikumjua mtu. Wewe ndiye uliyenionyesha saa ambayo bomba linatoa maji, na kamba ya kuanikia ya nani haiguswi. Halafu ule usiku wa degedege, baba Ikram yuko safarini, ukambeba mwanangu mpaka barabarani kutafuta bajaji, mimi nakimbia nyuma na khanga moja. Kila nikitaka kukushukuru ulikuwa unanikatisha: "Acha hayo, kaangalie mboga yako inaungua." Leo huwezi kunikatisha. Ahsante, dada yangu. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa.

Daftari la LUKU uliloniachia limeshaanza balaa. Wa chumba cha uani wanasema feni haili umeme, wenye friji wanataka tuchange sawa kwa sawa. Wewe ulikuwa unawaangalia tu, wanatoa hela. Mimi nimewaangalia, na wao wakaniangalia! Hiyo siri ungeniachia pamoja na daftari.

Baba Ikram anauliza Krismasi hii kuku wenu atachinja nani. Nimemwambia atapanda gari mpaka Gongo la Mboto, ashike la Chanika, akachinje hukohuko. Na mimi Ramadhani nitamkosa wa kunikunia nazi huku ananisimulia umbea wa mtaa mzima, tena yeye hajafunga.

Lakini roho yangu nyeupe. Tofali moja moja mmelisimamisha jumba, na kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmeagana nayo. Madirisha yatawekwa vioo taratibu, wala usimsikilize anayekwambia mmewahi kuhama. Mpe hongera shemeji. Neema mwambie shule mpya asiogope, na zile suka alizomwachia Ikram hataki zifumuliwe, kichwa kinanuka sasa.

Mbuzi yako ya nazi umeisahau nyuma ya mlango wa jiko. Nimeificha chumbani kwangu kabla hajaiona mtu. Simpi bodaboda, naileta mwenyewe mwezi ukiisha, uniandalie na pa kulala maana nikifika sirudi siku hiyohiyo.

Kibati Jumapili hii ni zamu yako. Wamesema aliyehama asogezwe mwisho, nimekataa. Hela nitakurushia kwenye simu jioni, na ya kutolea naongezea. Wewe mchango wako tu usichelewe, mdhamini wako sasa ni mimi.