Kalendari ya safari ya Liège: kutoka barua ya iniversite mpaka kufika

Mdogo, weka hii karatasi ku mlango wa friji hapo nyumbani Katuba, papa na mama bakuwe banaiona kila siku. Barua yako ya Master ilitoka tarehe 16 Machi, masomo inaanza katikati ya Septemba. Miezi sita unaona ni mingi, lakini miye najua vile inaisha.

MACHI, hii wiki. Paspoti ya zamani inaisha mwaka ujao, usingojee, lipia mpya sasa. Barua ya iniversite ulishaipata kwa imeil, itoe kopi tano na orijinali uifiche mbali na watoto.

MACHI mpaka APRILI: feza. Hapa njo penye kazi iko, hapa njo batu benye dosie nzuri banaangukaka. Noko wa Charleroi njo atakuwa garan wako. Anajaza anexi 32, ile ya prizanshaji, karatasi ya kuahidi atakubeba kwa feza, anaenda ku komini yake anaisaini pale mbele ya ofisa, anaweka karatasi za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, komposisyo ya famii na kopi ya kitambulisho. Yeye anafanyaka zamu ya usiku, kwa hiyo umpigie simu jumamosi ya asubuhi, usimtumie voisi ya dakika saba, hasikiaka. Orijinali itakuja na mtu, si na picha ya WhatsApp. Na mshahara wake upigie hesabu mbele, kama hautoshi kwa yeye, watoto wake na weye, heri tujue Aprili kuliko Julai, papa ataanza mambo ya konti ya kufunga feza.

APRILI mwisho. Kazie zhudisieri, sertifika ya daktari (daktari anayekubaliwa na ambasade, si ule wa kona), diplome na relve za UNILU, vyote na stempu za legalizasyo. Karatasi hizi zinaisha muda, kwa hiyo usizitoe Machi ukafikiri umefanya mbio.

MEI: viza D, ile ya kukaa muda mrefu. Unachukua randevu ku kituo cha viza mara tu anexi 32 iko mkononi. Mbele ya kuweka dosie kuna feza ya redevansi ya ile ofisi ya wageni ya Bruseli, inalipwa kwa virema ya benki. Ile yangu benki ilituma bila jina langu mu komunikasyo, feza ilifika, hakuna aliyejua ni ya nani, nikapoteza wiki tatu nikitembea na bordero mkononi! Simama ku gishe, soma ile mistari na macho yako: jina, tarehe ya kuzaliwa. Kuna pia kestyonere ya kueleza juu ya nini ulichagua hii Master, andika mwenyewe, wanaweza kukuuliza kwa mdomo.

JUNI na JULAI. Kungojea. Sheria inaipa ile ofisi ya wageni siku 90 dosie ikiwa kamili, usipige simu kila asubuhi.

Wakati unangojea, tafuta kot, ndio vile wanaitaka chumba cha mwanafunzi huku. Usitume akonto kwa mtu ambaye hakuna mmoja wetu aliona mlango wake, tantine atapanda treni aende kuona. Swali la kwanza usiulize bei, uliza kama mwenye nyumba anakubali domisiliasyo, wengine wanakataa, na bila hiyo komini haikuandiki. Garanti huwa miezi miwili ya kodi.

AGOSTI. Viza ikitoka, hapo njo unakata tiketi, si mbele. Kutoka Luano unapita Adisi Ababa, halafu Zaventem. Karatasi zote orijinali mu saki ya mkononi na karne ya njano ya chanjo, juu polisi ya mpaka inaweza kuomba anexi 32 na barua. Mwambie mama nyama ya kukausha haiingii Ulaya, lakini samaki inaruhusiwa mpaka kilo 20, sasa hapo ajipangie, kapenta, na anikumbuke na miye.

SEPTEMBA, tarehe 3 hivi. Nitakungojea Zaventem, tutapanda treni mpaka Liège-Guillemins. Wiki ileile tunaenda komini, una siku 8 za kazi. Baadaye polisi wa kartye anakuja kuangalia kama kweli unalala pale. Miye sikuandika jina ku sonneri, alipita nikiwa darasani, akaenda zake, karte yangu ya kukaa ilichelewa mpaka Disemba. Leta kipande cha sikochi na bik, siku ya kwanza tunabandika jina mbele hata ya kufungua valizi.