YAH: MATOKEO YA UCHUNGUZI WA KUTAMBUA RANGI WA MWANENU HAMISI

Mikindani, Mtwara
12 Machi 2025

Ndugu Wazazi wa Hamisi,

Salaam. Katika uchunguzi wa macho uliofanyika hapa shuleni wiki iliyopita, Hamisi alionyeshwa vibao vya Ishihara, ambavyo huficha namba katikati ya nukta za rangi, naye alishindwa kusoma kadhaa kati ya namba ambazo wenzake walizisoma. Matokeo hayo yanaashiria kuwa huenda anapata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Hata hivyo, huu ni uchunguzi wa awali tu, hivyo nawaomba mumpeleke kliniki ya macho katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, mkiwa na barua hii.

Hali hii kwa kawaida mtoto huzaliwa nayo. Haitokani na lishe wala televisheni, haiambukizi, na kwa kawaida haizidi kadiri anavyokua. Huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye mara nyingi mwenyewe huona rangi vizuri, kwa hiyo pasiwepo wa kulaumiwa. Haina tiba, wala miwani ya kawaida haiiondoi.

Nimeanza kumwandikia majina ya rangi kwenye penseli zake, na ramani sitamsahihisha kwa rangi pekee. Nyumbani, akichanganya mabibo mekundu na mabichi, tafadhali msimcheke wala kumwadhibu. Akili yake ni nzuri, hasa katika hesabu.

Karibuni shuleni Ijumaa, saa nane mchana, tuzungumze.

Wenu katika malezi,
Mwalimu wa Darasa la III B