Menyu ya nyama choma kwa wageni 20, Jumamosi, chakula saa 8:00 mchana

Shemeji na mdogo wangu, karatasi hii inabaki mlangoni mwa friji mpaka Jumamosi jioni. Mkitaka kubadilisha kitu, andikeni pembeni kwa kalamu. Tusiambiane kwa mdomo halafu kila mtu akumbuke lake.

Wanaokuja

Watu wazima 14, watoto 6. Kati ya watu wazima, wawili hawali nyama kabisa. Kwa hiyo wala nyama wazima ni 12, nimewapigia gramu 400 za nyama mbichi kila mmoja, na watoto gramu 200. Inakuja kilo 6. Nimeongeza gramu 900 kwa ajili yetu sisi watatu, maana anayeshinda motoni hali, anaonja tu, na mwisho wa siku kuonja huko kunazidi sahani mbili.

Msishangae kilo 6.9 ikionekana nyingi ndani ya mfuko. Nyama ikichomwa hupoteza karibu robo ya uzito wake, na mapaja ya kuku yana mifupa.

Nyama

Mapaja ya kuku yenye mfupa na ngozi, vipande 20, kama kilo 2.6. Tumechagua mapaja kwa makusudi. Kidari kikizidi dakika tatu kinakuwa kama mbao, lakini paja linakusamehe hata ukiitwa kusalimia mgeni.

Steki ya ng'ombe kilo 2.5, ikatwe vipande 8 vyenye unene wa sentimita 3. Mwuzaji akikata nyembamba, mrudishie. Steki nyembamba inaiva kabla haijapata rangi. Kila kipande kitakatwa vipande vidogo baada ya kuchomwa, hakuna mgeni anayepewa bonge lake peke yake.

Soseji 24 za gramu 75, jumla kilo 1.8. Hizi hasa ni za watoto, ingawa sijaona mtu mzima anayezipita bila kuchukua moja.

Wasiokula nyama

Mishikaki 8 ya mboga: uyoga gramu 500, biringanya 2, hoho 4, vitunguu 3. Vijiti vya mbao viloweshwe nusu saa, la sivyo vinashika moto. Mishikaki peke yake haimshibishi mtu, kwa hiyo kuna maharage makavu gramu 500, yakichemshwa yanazidi kilo moja, yatachanganywa na kitunguu, siki na mafuta. Wengine nao watakula, lakini bakuli dogo litengwe mapema kwa ajili ya hao wawili. Mboga zao zinachomwa wavu ukiwa msafi, kabla soseji hazijaugusa.

Vya pembeni

Mahindi mabichi 12, kila moja likatwe katikati, tupate vipande 24. Haya hayasubiri saa nane, yanatolewa wageni wakiingia. Mtu aliyeshika hindi la moto haulizi nyama itaiva saa ngapi.

Viazi kilo 3.5, vichemshwe Ijumaa, vikatwe na kuchanganywa na mafuta, siki na kijiko kimoja cha chakula cha haradali. Sitaki mayonezi, chakula kitakaa mezani nje kwenye joto.

Kabichi moja ya kilo 1.5 na karoti nusu kilo, zikatwe nyembamba, zitiwe siki na chumvi saa 7:00. Nyanya kilo 2, matango 3 na vitunguu nusu kilo: hizi chumvi inaingia dakika tano kabla ya kula, si zaidi. Ikitangulia, mtakuta supu chini ya bakuli.

Mikate midogo 30. Tikiti maji moja la kilo 6, likae friji tangu Ijumaa.

Vinywaji

Maji lita 24. Juisi lita 8. Soda 24 za mililita 330. Bia 24, kwa kuwa wanaokunywa ni wanane na tatu kwa kila mmoja zinatosha kwa mchana. Barafu kilo 15: kilo 10 ziende kwenye boksi la kupoza chupa, kilo 5 za kutia kwenye glasi zikae chombo chake chenye kifuniko. Barafu ambayo mikono ishirini imeingia kutafuta soda haitiwi kwenye glasi ya mtu.

Moto

Mkaa kilo 10. Jiko kubwa lenye kifuniko linakula kilo 5 za mwanzo, dogo kilo 2.5, zilizobaki ni za kuongeza.

Kwenye jiko kubwa makaa yanasukumwa upande mmoja tu. Wavu wake ni sentimita 100 kwa 40: sentimita 40 ziwe juu ya moto, 60 zibaki bila makaa chini. Hapo ndipo tulipokosea mara iliyopita. Tulitandaza makaa kote, tukapanga kuku wote juu, mafuta yakadondoka, ndimi za moto zikapanda, na dakika ya kumi na tano kila paja lilikuwa jeusi. Nilipokata moja karibu na mfupa, damu ikatoka. Tukala saa kumi, watoto wakiwa wameshalala.

Makaa yako tayari yakishavaa majivu meupe. Kiganja sentimita 12 juu ya wavu: ukivumilia sekunde 2 au 3, moto ni mkali, wa steki. Ukivumilia 5 au 6, ni wa wastani, wa soseji na mahindi.

Ijumaa jioni

Kuku apakwe mtindi vikombe 2, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na chumvi vijiko 4 vya chai. Limau lisiingie usiku; likilala na kuku, nyama ya juu inakuwa laini kama imepondwa. Litakamuliwa akishaiva. Steki ipate chumvi vijiko 4 vya chai pande zote, ikae friji bila kufunikwa ili uso ukauke, kwenye rafu ya chini kabisa isije ikadondokea kitu. Soseji msiziguse, na msizitoboe siku hiyo wala siku ya kuchoma.

Jumamosi, saa kwa saa

4:00 asubuhi. Kukata mboga, kutunga mishikaki. Mdogo wangu.

5:30. Vinywaji kwenye barafu. Chupa zinataka saa moja na nusu kupoa sawasawa, kwa hiyo wageni wakifika saa saba zitakuwa tayari.

6:15. Shemeji awashe jiko dogo, mimi kubwa dakika tano baadaye. Mafuta ya taa hayaingii hapa, kuku atanuka.

6:50. Jiko dogo: mahindi upande mmoja, mishikaki ya mboga upande wa pili. Mishikaki dakika 12, ifungwe kwenye foili na kuwekwa pembeni mwa jiko kubwa palipo vuguvugu. Mahindi dakika 20, yakigeuzwa kila baada ya dakika 4 au 5, yapakwe siagi na kupelekwa mezani.

7:00. Kuku wote 20 kwenye upande usio na makaa wa jiko kubwa, ngozi juu, kifuniko kimefungwa. Hakuna kufunua kuchungulia. Kila ukifunua, joto linatoka na dakika zinaongezeka. Nitafunua mara moja tu, 7:18, kubadilishana walio karibu na moto na walio mbali.

7:12. Soseji 12 za kwanza kwenye jiko dogo, dakika 15, zikigeuzwa mara kwa mara. Watoto wakae mezani 7:30 na mikate yao. Wakishashiba hao, wakubwa wanaweza kuongea kwa utulivu.

7:20. Washa kilo moja na nusu ya mkaa kwenye debe lenye matundu, mbali na watoto. Huu ndio moto wa steki. Makaa ya 6:20 yatakuwa yamechoka.

7:32. Kuku 10 wahamie juu ya makaa, ngozi chini, dakika 3 au 4 mpaka ngozi ikauke na kupata rangi. Halafu 10 waliobaki. Kipimajoto ndani ya nyama, bila kugusa mfupa, kisome nyuzi 74 au zaidi. Paja ni tamu zaidi likifika hata 80, kwa hiyo asiwepo wa kuharakisha. Wakitoka wawekwe kwenye trei safi, si ile iliyobeba kuku mbichi, wakamuliwe limau, wasifunikwe. Ukifunika, ngozi tuliyoihangaikia inalowa.

7:40. Makaa mapya yamwagwe jiko kubwa, wavu usuguliwe kwa brashi. Soseji 12 za pili kwenye jiko dogo. Ndani zifike nyuzi 71.

7:45. Steki 4, zikiwa zimefutwa unyevunyevu, dakika 4 hadi 5 kila upande. Zikifika nyuzi 63 zitolewe. Zilale kwenye ubao dakika 8 kabla ya kisu. Ukikata mara moja, maji yote ya nyama yanabaki kwenye ubao.

7:50. Viazi, maharage na kabichi vitoke friji. 7:55 chumvi kwenye nyanya.

7:56. Steki 4 za pili.

8:00. Kuku, soseji na mishikaki mezani. Steki za kwanza zinakatwa 8:03, dhidi ya nyuzi za nyama, vipande vya unene wa kidole. Steki za pili zinaingia kama 8:15, wakati ule wageni wanapoanza kutazama sahani tupu. Ndiyo maana tunachoma kwa duru mbili: nyama ya moto inayokuja mara ya pili inaliwa kwa furaha kuliko rundo lililopoa.

9:00. Tikiti maji.

Wageni wakichelewa, mtaniuliza tufanye nini. Kuku anasubiri nusu saa upande usio na moto bila shida, matundu ya hewa yakiwa yamefungwa kidogo. Soseji vilevile. Steki haisubiri mtu. Ikifika 7:40 na viti nusu ni vitupu, steki irudi friji, na makaa mapya yabaki kwenye debe. Ikipita nusu saa, ongezeni mkaa kidogo juu yake.

Mvua ikinyesha, jiko lisiingizwe ndani wala barazani palipozibwa. Moshi wa mkaa hauonekani wote, na unaua.

Saa 10:00 jioni kila chenye nyama kilichobaki kiwe ndani ya friji. Jua likiwa kali kupita nyuzi 32, msingoje muda wa saa mbili, muda wa saa moja tu unatosha. Jiko lifunikwe na matundu yazibwe, na majivu yasimwagwe mpaka Jumapili asubuhi, baada ya kuyamwagia maji.